Pole na Kazi: Salamu kwa Aliye Kazini

Anayepita ndiye huanza kumsalimu anayefanya kazi. Katika vijiji vingi vya Tanzania, kupita kimya kando ya shamba lenye watu huchukuliwa kama kiburi, au dalili ya kinyongo. Mafundisho ya Kiislamu yaliyoenea pwani nayo yanamtaka anayetembea amsalimu aliyeketi, na wachache wawasalimu wengi.

Salamu inayofaa zaidi hapo ni “Pole na kazi”. Jibu lake ni “Asante” au “Asante, nishapoa”, na salamu imekamilika. “Habari za nyumbani?” huvuta habari za watoto, za wagonjwa na za mvua, na kila swali linadai jibu, hivyo haimfai mtu aliyeshika jembe. Wakiwa wengi husemwa “Poleni na kazi”, na akiitikia mmoja anatosha.

Chukua mfano wa kijana anayepita asubuhi kando ya shamba la mahindi, ambamo mzee anapalilia. Kijana hupunguza mwendo bila kusimama, akapaza sauti kidogo: “Shikamoo mzee, pole na kazi.” Mzee huitikia akiwa ameinama: “Marahaba mwanangu, asante.” Kuitikia hivyo si dharau, jembe liliendelea na heshima imepokewa. Kijana humaliza kwa “Haya, kazi njema,” naye yuko mbele tayari. Lakini mzee akiinuka, akaegemea mpini na kuuliza, “Wa wapi wewe?”, mambo yamebadilika. Mwenye kazi ndiye mwenye haki ya kurefusha mazungumzo, na akishayarefusha, kuondoka mbio ni utovu wa adabu.

Kwa fundi cherehani inahitajika subira zaidi, kwa kuwa macho yake yako kwenye sindano na vidole vyake viko karibu nayo. Anayefika hupiga hodi, husema “Za kazi, fundi?” na kusubiri pembeni, pasipo kumzibia mwanga. Fundi anaweza kujibu “Nzuri, karibu” bila kuinua kichwa. Akifika mwisho wa mshono huondoa mguu kwenye pedali, na hapo ndipo pa kueleza shida. Wakati mbaya kabisa ni anapopima au anapokata. Swali dogo humpotezea namba aliyokuwa anaiandika, na mkasi ukipita nje ya mstari wa chaki kitambaa hakirudi. Mteja mwungwana akiona fundi anataka kuacha kazi kwa ajili yake humwambia, “Malizia kwanza.”

Mkono hautolewi kwa mtu ambaye mikono yake imeshika kitu au imechafuka. Akitaka mwenyewe kupeana mkono, mara nyingi hukunja ngumi na kutoa kifundo cha mkono. Mgeni hukishika hicho kwa wepesi, bila kusisitiza kiganja, kisha humwachia aendelee.