Uyoga Hauogeshwi: Namna ya Kuusafisha na Kuuhifadhi

Majuma machache yaliyopita tulialikwa chakula cha mchana kwa jirani yetu, na mkaza mwana wa nyumba hiyo alikuwa ametuandalia uyoga wa nazi. Alikuwa ameununua kwa fedha si haba, akautia ndani ya karai la maji ya chumvi, akauacha humo kwa nusu saa nzima kama afanyavyo kwa mchicha wenye mchanga. Kisha akaukatakata, akausuuza mara tatu, akauteleka. Ulipofika mezani ulikuwa wa kijivu, unateleza, na tui limekuwa jepesi mithili ya maji ya mchele. Mama mkwe wake alionja, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mikono yako misafi haina kosa. Kosa ni la karai."

Maneno hayo yametufanya tuandike makala hii, kwa kuwa tumegundua kwamba wengi wetu tunaufanyia uyoga yale yale tunayoyafanyia mboga za majani. Jani la mchicha lina ngozi nyembamba yenye nta, nayo huyazuia maji yasipenye. Uyoga hauna ngozi ya namna hiyo. Mwili wake umefumwa kwa nyuzi nyembamba mno zenye nafasi za hewa katikati yake, na chini ya kofia pana mikunjo mingi mfano wa kurasa za kitabu. Maji yakiingia katika mikunjo hiyo hukaa. Ukiutikisa yatatoka kidogo tu.

Tukumbuke pia kwamba uyoga wenyewe, kabla haujaguswa na tone la maji, kwa kiasi cha sehemu tisa katika kumi ni maji. Pakiti ya gramu 250 ina takriban gramu 225 za maji yake ya asili. Tuseme umeuloweka, na vijiko vitatu vya maji vimebaki katika mikunjo na penye mikato. Ndani ya sufuria maji hayo lazima yageuke mvuke kwanza, na maadamu yapo, sufuria haipandi kupita joto la maji yanayochemka. Uyoga haupati rangi ya hudhurungi wala ile harufu tamu ya kukaangwa, ila huchemka katika maji yake mwenyewe. Na kama umekatwa kabla ya kuoshwa, hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu ladha yake na sehemu ya vitamini zake huyeyuka katika maji na kumwagwa pamoja nayo. Chumvi katika karai haisaidii kitu; huuvuta uyoga utoe maji yake ya ndani, ukalegea kabla ya kufika jikoni.

Hatusemi kwamba maji ni haramu kwa uyoga. Uyoga mzima ukipitishwa upesi chini ya mfereji huchukua maji machache mno. Kinachouharibu ni muda, na ni kuukata kabla ya kuuosha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuujua uyoga ulio nao mkononi na mahali ulipoota.

Uyoga chaza, ule ulio mpana kama sikio na unaoota kwa mafungu, hukuzwa katika mifuko iliyojazwa majani makavu ya ngano, mabaki ya pamba au vumbi la mbao, vitu ambavyo kwa kawaida hupashwa moto kwanza ili kuua vijidudu. Huchomoza kandoni mwa mfuko, haugusi udongo, na kwa hivyo huwa msafi. Shika fungu, ukate lile shina gumu la chini lenye vipande vya majani, kisha utenganishe kofia moja moja kwa vidole. Ligeuze kila moja, mikunjo ikitazama chini, uligonge taratibu kwa kidole ili vumbi na wadudu wadogo waanguke. Palipobaki uchafu, pafute kwa kitambaa kikavu au mswaki mpya laini. Wala usitishwe na unga mweupe juu ya kofia zilizokuwa chini ya nyingine. Huo ni unga wa mbegu za uyoga wenyewe.

Uyoga wa mviringo, ule mweupe ufananao na kifungo cha kanzu, kisa chake ni kingine. Huo hukuzwa juu ya mboji, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa majani ya ngano na samadi, kisha hufunikwa kwa tabaka la udongo. Ndiyo maana huja na chembe nyeusi shinani, na ndiyo maana nafsi zetu hazitulii mpaka tuuone umepita majini. Kata ncha ya shina, nusu sentimita hivi, kwani hapo ndipo uchafu mwingi ulipo. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Ukiona udongo bado umeshika, uweke mzima ndani ya chungio, mikunjo ikielekea chini, upitishe maji yanayotiririka juu yake kwa sekunde kumi hivi huku ukiusugua kwa vidole. Maji yanayopita huondoka na uchafu, ilhali yaliyotuama katika karai huurudisha uchafu ule ule juu ya uyoga. Papo hapo utandaze juu ya kitambaa, uukaushe, ndipo uukate na kuupika. Hakuna haja ya kuumenya.

Kwa sababu hiyo hiyo, uyoga usafishwe pale unapokwenda kupikwa, si siku ya kutoka sokoni. Uyoga uliovunwa bado unapumua na kutoa unyevu. Ukiufungia ndani ya plastiki, unyevu huo huwa matone, na matone huzaa madoa ya hudhurungi na utelezi. Uhamishie katika mfuko wa karatasi, mdomo uukunje bila kuubana, uuweke katika rafu ya friji, mbali na samaki na vitunguu, maana hushika harufu upesi. Wa mviringo utakaa siku tano hadi saba. Chaza siku tatu hadi tano. Asiye na friji, kwa joto letu la pwani, na aupike siku ile ile.

Ukizidi, usiugandishe mbichi, kwa kuwa barafu hupasua nyuzi zake na ukiyeyuka utakuwa tope. Ukaange kwanza, upoe, ndipo uugandishe. Chaza waweza kuchanwa vipande vyembamba na kuanikwa juani chini ya kitambaa chepesi, mpaka kipande kikatike kwa mlio, kisha utiwe katika chupa isiyopitisha hewa. Wakati wa masika usijaribu. Utavunda kabla ya kukauka.

Uyoga ulionyauka kidogo bado ni mzuri. Manyoya meupe kwenye shina la chaza, kama hauna harufu mbaya, ni ukuaji wake wenyewe. Lakini ukiona ute, madoa meusi yenye majimaji, ukungu wa kijani, au ukanusa harufu ya uchachu au ya samaki, utupe. Hakuna kuosha kutakakouokoa.

Juma lililofuata yule mkaza mwana alitwaa uyoga mkavu, akaukaanga kwa moto mkali katika sufuria pana, kidogo kidogo bila kuirundikia, akatia chumvi mwishoni, kisha tui zito. Safari hii mama mkwe aliomba aongezwe.