Waambie Ocha Umebaki na Ngapi

Mshahara ukiingia tu, simu ya kifungua mimba haitulii. Mathe hana unga, sista anadaiwa karo, anko anaitisha jirongo ya matanga, na kuna binamu ameandika tu "niaje", na unajua chenye kinafuata. Mimi sioni noma kusaidia wasee wa kwetu. Kuna mzazi aliuza ng'ombe ndio mtoi asome, na hiyo haisahauliki. Noma ni vile tunatuma.

Chukua msee wa Umoja anabaki na 38,000 makato yakishaenda. Keja 12,000, matatu 4,800, dishi 9,000. Imebaki 12,200. Mathe anapata 5,000, na hiyo anapeana na roho safi. Chenye kinammaliza ni zile jirongo za katikati ya mwezi, hata yeye mwenyewe hazihesabu. Tarehe 20 amesota, lakini anaona haya kusema hana, basi anatuma na Fuliza. Anakatwa asilimia 1 papo hapo, kisha makato ya kila siku, na doo yoyote ikiingia M-Pesa deni inajilipa kwanza. Huku ocha wakiona ametuma, wanajua ako fiti. Kinyongo huanzia hapo: anawakasirikia kwa kutojua kitu hajawahi kuwaambia.

Na kutuma vipande vipande kunakula ganji kimyakimya. Ukituma jirongo mara kumi, kila moja inakatwa bob 7, na kule ocha ajenti anakata 29 kila wakitoa. Hiyo ni 360. Ukituma 5,000 mara moja ni 57 ya kutuma na 69 ya kutoa, jumla 126. Kwa hivyo chagua siku moja, tuma yote, na mathe ajue ikiisha ni hadi mwezi ujao.

Karo usitume kwa simu ya mtu. Itisha namba ya Paybill ya shule na namba ya usajili ya mwanafunzi, ulipe moja kwa moja. Mtu akikataa kukupa hizo namba na anataka tu umtumie "haraka", hapo uliza maswali, juu karo ngapi zimeishia kwa beti.

Kazi ngumu ni kuongea na mathe. Usimwambie kwa meseji. Mpigie jioni akiwa ametulia, umsomee hesabu yote, keja hadi dishi, halafu umuulize hiyo iliyobaki agawe vipi. Wamama wengi hawajawahi kuonyeshwa hizo namba, na wamelea familia na doo kidogo kuliko hiyo, so watakuelewa haraka kuliko unavyodhani. Anko anaweza kununa. Lakini mgonjwa akilazwa, hiyo hesabu inawekwa kando, wote mnachanga, hata bro mdogo wa kibarua, hata kama ni soo mbili.