Barua ya Kumleta Fundi

Bomba la chini ya sinki linavuja. Umempigia msimamizi wa nyumba mara tatu, na jibu ni lile lile: "Fundi anakuja kesho." Sasa mwandikie, ukianza na tarehe badala ya lawama:

"Ndugu Msimamizi, habari za kazi. Nilikuarifu kuhusu bomba la jikoni tarehe 3, 10 na 17 Machi. Kila mara niliahidiwa fundi, lakini hajafika. Sasa maji yameingia kabatini na mbao zinavimba, picha nimeambatanisha. Naomba fundi afike kabla ya Ijumaa, tarehe 28 Machi. Nipo nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni. Tafadhali nijibu kwa maandishi atakuja siku gani. Asante."

"Hajafika" ni jambo linalothibitika. "Unatupuuza" ni tuhuma, naye atashughulika kujitetea badala ya kutafuta fundi. Tarehe iliyotajwa inaifungia mlango ile "kesho" isiyokwisha.

Usitishie kuzuia kodi kabla ya kuusoma mkataba. Usipolipa, mwenye kosa unaweza kugeuka wewe. Tunza nakala ya barua: ukilazimika kumwendea mwenye nyumba, ndiyo ushahidi wako.