Vitabu Vilifika, Alama Hazikupanda

Mwaka 1996, shule 25 za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada na shirika moja la misaada la Kiholanzi. Shule nyingine za eneo hilohilo zilisubiri zamu yao, ili watafiti, akiwemo mchumi Michael Kremer, wapate za kulinganisha. Mitihani iliposahihishwa, wastani wa alama katika shule zilizopata vitabu haukuwa bora kuliko wa zile zilizokosa.

Kwenye jedwali, mradi wa namna hii hauna kasoro. Safu ya kwanza ni rasilimali: fedha na vitabu. Ya pili ni shughuli: kununua, kusafirisha, kugawa. Ya tatu ni mazao ya shughuli: wanafunzi wangapi sasa wana kitabu. Ya nne ni matokeo: watoto wanaelewa zaidi na alama zinapanda. Jedwali hili huitwa modeli ya mantiki. Linaonyesha kipi kinafuata kipi, lakini halielezi kwa nini kifuate.

Maelezo hayo hutolewa na nadharia ya mabadiliko, inayochunguza mishale iliyo kati ya safu. Kila mshale una masharti yake. Ili kitabu kiongeze alama, mtoto akifikie, aweze kukisoma, na somo lililomo lilingane na kiwango chake. Huko Busia mnyororo ulikatikia hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na mwanafunzi wa kawaida alipata taabu kuvisoma. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo.

Anayepanga mradi kama huo hana haja ya kungoja mtihani wa mwisho wa mwaka. Aanze na matokeo anayoyataka, arudi nyuma hatua kwa hatua, na chini ya kila mshale aandike sharti lake pamoja na njia ya kulipima. Sharti la kusoma hupimwa asubuhi moja: mpe mwanafunzi aya moja ya kitabu chenyewe aisome, kisha umuulize imesema nini. Akishindwa, tatizo limejulikana kabla ya vitabu kununuliwa.

Utaratibu huu humsaidia pia mtathmini. Vitabu vikikutwa vimefungiwa stoo, utekelezaji ndio ulioshindwa, na dawa ni kuvigawa. Vikiwa vimetumika na alama zisipande, wazo lenyewe lina walakini, na kuongeza vitabu hakutasaidia. Hata hivyo, mishale yote ikitimia na alama zikapanda, bado haijathibitika kwamba ni kazi ya mradi. Huenda zimepanda kila mahali. Jibu la hilo halimo katika jedwali, bali katika zile shule zilizosubiri.