Kuotesha Ndengu na Kamande Ndani ya Chupa Katika Nchi ya Baridi

Nafaka za jamii ya kunde zikilowekwa na kuachwa zichipue, huiva upesi kuliko zile kavu. Kazi yenyewe yahitaji chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kitambaa chepesi na maji safi tu. Hata hivyo, katika Kericho na Bomet watu wengine hujaribu mara moja, wakaona ndengu zimeoza, nao wakaacha. Mara nyingi kosa si la mikono yao, bali ni la baridi.

Yafaa kujua tofauti ya nafaka hizi mbili. Ndengu, ambazo watu wa pwani huziita pojo na wa Tanzania choroko, ni mmea wa nchi ya joto; hapa Kenya hulimwa sana Kitui na Makueni. Kamande, yaani adesi, ni mmea uvumiliao baridi. Mji wa Kericho uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,000. Kwa hiyo kamande zitachipua hata juu ya rafu, lakini ndengu zikiwekwa hapo hukaa katika unyevu siku nyingi bila kuota, na mwisho huoza. Hapana budi ndengu ziwekwe karibu na jiko, mahali ambapo mkono huona joto la wastani, wala si moto.

Tuchukue mfano wa mama achumaye majani ya chai. Jumatatu usiku achague nafaka nzima za kula, akitupa zilizopasuka. Kamande nyekundu zilizokobolewa hazioti kamwe. Mbegu za dukani zilizotiwa dawa na rangi ni sumu, zisitumiwe. Atie vijiko vikubwa 4 katika chupa ya lita moja, kila aina katika chupa yake, kwa kuwa hazitakuwa tayari pamoja. Aongeze maji yaliyochemshwa na kupoa, mara nne ya nafaka, kisha afunge mdomo kwa kitambaa na mpira.

Jumanne saa 12 asubuhi amwage maji hayo, atie mengine, atikise na kumwaga. Kisha ailaze chupa kwa mshazari, mdomo chini, ili tone la mwisho litoke. Jambo hili ni kubwa kuliko yote, kwa maana nafaka iotayo huvuta pumzi, na ikikaa ndani ya maji hufa na kunuka. Chupa ifunikwe isipate jua.

Tangu hapo kamande zisuuzwe mara mbili kila siku, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Ndengu zilizo karibu na jiko zisuuzwe mara tatu: kabla ya kwenda kazini, wakati wa kurudi alasiri, na saa 3 usiku, kwa kuwa joto huzikausha na kuzidisha vijidudu. Maji yake yawe na uvuguvugu kidogo.

Siku ya pili au ya tatu huenda akaona manyoya meupe juu ya mizizi. Asitupe upesi. Asuuze kwanza: yakilala na kutoweka, hayo ni mizizi midogo. Lakini kama utando umezishika nafaka pamoja, au zinateleza na kunuka uchachu, hiyo ni kuoza, na chupa nzima itupwe.

Wakati wa kukoma huonekana kwa macho. Kamande zikomeshwe mkia ukilingana na urefu wa nafaka, pengine Alhamisi jioni au Ijumaa. Ndengu zingoje mkia wa sentimita 2 au 3, kabla majani mawili hayajafunguka na kuwa ya kijani, kwa maana baadaye huwa chungu na ngumu. Zile zilizobaki kama mawe ziondolewe, zisije zikavunja jino.

Mwenye jokofu azisuuze mara ya mwisho, azingoje zikauke juu kwa saa 8, kisha aziweke humo siku mbili au tatu. Asiye na jokofu hawezi kuzizuia, kwa sababu baridi ya usiku wa Kericho haitoshi, zitaendelea kukua. Basi na ahesabu siku kutoka ile ya kula kurudi nyuma, azipike siku ile ile.

Zipikwe, zisiliwe mbichi, hasa na watoto, wazee na mama wajawazito. Vijidudu viletavyo kuhara huweza kujificha ndani ya ganda la nafaka. Unyevu na joto vioteshavyo nafaka huviotesha navyo pia, na kusuuza hakuviondoi. Zichemke kwa dakika 10 hivi mpaka zilainike, kisha zitiwe kitunguu na chumvi, ziliwe pamoja na ugali.