Barua ya Nyaraka Zinazopungua

Mtu akiuza kiwanja chenye hati, kazi kubwa huanza baada ya saini kutiwa. Mkataba umesainiwa, pesa ya awali imelipwa, mnunuzi ameshaanza kuwaza msingi wa nyumba, lakini faili lililoko kwa wakili halijatimia. Mwuzaji ameleta kopi ya hati badala ya hati yenyewe. Kitambulisho chake kina jina ambalo halifanani na la kwenye hati. Mkewe hajasaini popote. Hapo ndipo ofisi ya wakili inapomwandikia mwuzaji kumwomba vilivyobaki, na namna barua hiyo ilivyoandikwa ndiyo huamua kama vitakuja kwa wiki mbili au kwa miezi minne.

Barua nyingi za aina hii zina sentensi moja tu: "Tafadhali wasilisha nyaraka zinazokosekana haraka iwezekanavyo." Mpokeaji wake anabaki na maswali mawili, zipi na lini, na wote wawili hawajajibiwa. Atapiga simu, ataambiwa vitu vitatu, atakumbuka viwili. Akivileta ataambiwa kuna cha nne. Mtu mzima anayetoka Mbagala kwa daladala mbili kuja mjini akirudishwa namna hiyo mara ya pili, anaacha kuamini ofisi, na ana haki ya kuacha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kuandika neno lolote. Faili linasomwa lote, ukurasa kwa ukurasa, likilinganishwa na mahitaji ya uhamisho mpaka hatua ya mwisho ya msajili wa hati. Siyo kusimama kwenye pengo la kwanza unaloliona. Kilichokuja kikiwa na kasoro nacho kinahesabiwa: picha ya simu ambayo kidole kimefunika namba, kitambulisho kisichosomeka, risiti ya mwaka uliopita. Mteja anaamini hivyo ameshavileta, na asipoambiwa wazi kasoro ni ipi ataleta kilekile tena.

Tuchukue mfano. Hati ya uhamisho ya kiwanja fulani cha Dar es Salaam imesainiwa Jumatatu, 3 Machi 2025. Ushuru wa stempu unapaswa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, yaani mwisho ni Jumatano, 2 Aprili. Ukichelewa, adhabu inafuata. Hii ndiyo tarehe ngumu, ile isiyosogezwa na mtu yeyote ofisini. Tarehe ya kurudisha nyaraka inatafutwa kwa kuhesabu kutoka hapo kurudi nyuma. Sikukuu ya Idi el Fitri ya mwaka huo ilikula 31 Machi na 1 Aprili, kwa hiyo siku ya kazi yenye nafasi ya kutosha kabla ya mwisho ni Ijumaa, 28 Machi. Toa wiki moja ya kukadiriwa na kupata namba ya malipo, toa siku mbili tatu za ofisi kukagua kilichokuja, unafika katikati ya Machi. Barua ikiandikwa Alhamisi, 6 Machi, na kutaka majibu Jumanne, 18 Machi, mteja anapata siku 12, muda wa kutosha kwenda kuapa kiapo na kutafuta risiti za zamani kabatini.

Sehemu ya barua yenyewe ingesomeka hivi:

Yah: Nyaraka zinazohitajika kukamilisha uhamisho wa kiwanja chako

Ndugu,

Tumepokea mkataba wa mauziano, picha zako mbili za pasipoti na namba yako ya TIN. Hivyo havihitajiki tena. Tafadhali tuletee vifuatavyo ofisini kwetu kabla ya saa 10 jioni, Jumanne, 18 Machi 2025:

1. Hati ya kiwanja, ile halisi. Tuliyonayo ni kopi.
2. Kiapo kinachoeleza kuwa jina la kwenye hati na jina la kwenye kitambulisho chako cha Taifa ni ya mtu mmoja. Huapwa mbele ya kamishna wa viapo.
3. Ridhaa ya mke wako kwa maandishi, pamoja na kopi ya kitambulisho chake. Fomu tumeiambatanisha, asisaini nyumbani, asaini mbele ya kamishna wa viapo.
4. Risiti ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka 2024/2025. Uliyoleta ni ya 2023/2024.
5. Risiti au mikataba inayoonyesha ulinunua kiwanja kwa bei gani na ulitumia kiasi gani kujenga. Kodi hukokotolewa kwenye faida. Gharama usiyoweza kuionyesha huenda isipunguzwe.

Kama kuna namba usiyoweza kuipata kufikia tarehe hiyo, tujulishe kabla ya Ijumaa, 14 Machi, ukitaja namba yake.

Kila namba imebeba jambo moja, na pale palipokuwa na utata imesema ni halisi au kopi. Namba 3 huweza kukwamisha mauzo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mzee asiyeelezwa hilo huona kama ofisi inaingilia mambo ya nyumbani kwake. Sentensi moja ya sababu, ikisemwa kwa heshima kwenye simu ya kumjulisha kuwa barua inakuja, huondoa hasira hiyo. Namba 5 imepewa sababu ndani ya barua kwa kuwa inamgusa mfukoni, na mtu akijua hivyo atapekua sanduku mpaka chini.

Ile siku ya 14 nayo ina kazi yake. Tukiwa tumejua Ijumaa kwamba mke yuko safarini Mwanza, fomu inaweza kutumwa huko akasaini mbele ya kamishna wa viapo wa hukohuko. Tukijua Jumanne jioni, wiki imeshapotea.

Siku vitu vinapoletwa, mpokeaji ofisini anachukua nakala ya barua ileile, anaweka alama kwenye namba zilizokamilika, anaandika tarehe, wote wawili wanasaini, na mteja anaondoka na kopi. Hati halisi ya kiwanja ni mali ya mtu. Haipokewi mkononi bila maandishi, hata kama mleta ni rafiki wa miaka mingi.

Tuseme mwuzaji wetu ameleta 1, 2 na 4. Barua ya pili itataja namba 3 na namba 5, zikiitwa hivyohivyo 3 na 5. Ofisi nyingi hapa huanza kuhesabu upya, namba 3 inakuwa namba 1, na mteja mwenye barua mbili mezani hajui tena namba 1 iliyotajwa kwenye simu ni hati aliyokwisha kuileta au ni ridhaa. Barua hiyo ya pili haiongezi kitu kipya, isipokuwa msajili mwenyewe amekitaka, na hapo inasema wazi kuwa hiki kimeongezwa na nani. Inaweka tarehe mpya, Jumatatu, 24 Machi, na inaeleza kitakachotokea ikipita: ushuru utalipwa pamoja na adhabu, na adhabu hiyo italipwa na nani kwa mujibu wa mkataba waliosaini.