Kiwiko cha Mrusha Mkuki: Mazoezi au Upasuaji?

Mwanafunzi wa Sericho anayerusha mkuki katika michezo ya shule anaweza kuhisi maumivu makali upande wa ndani wa kiwiko, mara mkuki unapomtoka. Huenda ameumia ligamenti, utepe mgumu unaoshikanisha mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha.

Ili kuipima, mhudumu wa afya hukunja kiwiko kiasi, kama nyuzi 30, kwa sababu mkono ulionyooka hufunga mifupa na kuficha ulegevu. Kisha hushika mkono wa juu usisogee na kusukuma kigasha kuelekea nje. Kiwiko kikiuma au kikifunguka kuliko cha mkono wa pili, hiyo ni dalili ya jeraha.

Ligamenti iliyochanika kidogo hutibiwa kwa kuacha kurusha kwa wiki 6 au zaidi, kisha kuimarisha kigasha na bega, na kurudia mkuki hatua kwa hatua.

Ikikatika kabisa, daktari anaweza kuunda nyingine kwa ukano wa msuli. Mwaka wa 1974, Dkt. Frank Jobe wa Marekani alimfanyia hivyo mchezaji wa besiboli Tommy John, ambaye alirudi uwanjani 1976. Hata leo kupona huchukua takriban mwaka mmoja.

Hata hivyo, kuchota maji, kuandika au kuchunga mifugo hakuilemei ligamenti hiyo kama kurusha. Asiyekusudia kuendelea na mkuki mara nyingi hutosheka na mazoezi bila kupasuliwa.